Matairi ya nyuma ya pikapu: jinsi ya kujua kama yanaubeba mzigo wako

Tairi la nyuma kushoto lilipasuka tukiwa tumeshamaliza kushuka Kitonga, kwenye ile tambarare ya joto kabla ya Ruaha Mbuyuni. Tulikuwa na magunia kumi ya viazi kutoka Njombe, mimi na utingo wangu, pikapu ya kebini moja. Fundi pancha aliyetusaidia alilitoa tairi kwenye rimu, akaingiza mkono ndani yake, akautoa kiganja kimejaa unga mweusi wa mpira.

"Hili halikutobolewa na kitu, kaka," alisema. "Hili limepikwa."

Kisha akanionyesha maandishi ya ubavuni ambayo sikuwahi kuyasoma tangu niyanunue matairi yale ya mtumba miezi mitatu nyuma: `215/70R16 100H`. Yalikuwa yamekaa vizuri kwenye rimu, yalikuwa mapana, hayana kelele barabarani, na bei ilikuwa nzuri. Kumbe yalitoka kwenye gari la kutembelea la familia. Tangu siku hiyo nimejifunza kufanya hesabu ninayoieleza hapa, na haihitaji zaidi ya kalamu, futi ya kupimia na safari moja ya kwenye mizani.

Hatua ya kwanza: soma ubavu wa tairi

Baada ya ukubwa wa tairi kuna namba yenye tarakimu mbili au tatu ikifuatwa na herufi. Kwenye `100H`, 100 ndiyo namba ya mzigo na H ni herufi ya kasi. Namba ya mzigo siyo kilo. Ni namba ya jedwali, na kila namba ina uzito wake ambao tairi moja linaweza kubeba. Huna haja ya kulikariri jedwali lote. Kumbuka kwamba 100 ni kilo 800. Kuanzia 98 mpaka 108 kila namba moja inaongeza kilo 25, kwa hiyo 98 ni kilo 750, 104 ni kilo 900 na 108 ni kilo 1,000. Kutoka 108 mpaka 114 kila namba inaongeza kilo 30, ndiyo maana 110 ni kilo 1,060 na 112 ni kilo 1,120. Pikapu nyingi za kwetu zinaishia humo humo.

Matairi ya kazi yana herufi C baada ya ukubwa, na mara nyingi namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju, kwa mfano `205R16C 110/108R`. Namba ya kwanza ni pale tairi linapokuwa peke yake upande mmoja wa ekseli. Ya pili ni pale matairi yanapofungwa mawili mawili, kama kwenye Canter. Pikapu yenye tairi moja kila upande inatumia namba ya kwanza.

Maandishi kama `8PR` yanawachanganya wengi. Siku hizi hayamaanishi kwamba ndani kuna nyuzi nane. Ni daraja la uimara lililobaki kutoka enzi za zamani. Matairi mawili yenye `8PR` lakini ya ukubwa tofauti yanaweza kuwa na namba za mzigo tofauti kabisa, kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni eiti plai, inabeba chochote", mwombe akusomee namba ya mzigo.

Ukikuta ukubwa umeanza na herufi P, kwa mfano `P265/70R16`, hilo ni tairi lililopangwa kwa mfumo wa Marekani kwa ajili ya magari ya abiria. Kanuni za huko zinataka uzito wake ugawanywe kwa 1.1 linapofungwa kwenye pikapu. Namba 111, ambayo ni kilo 1,090, inashuka mpaka kilo 990 hivi.

Hatua ya pili: upepo

Namba ya mzigo ni ahadi yenye sharti, na sharti lenyewe ni upepo. Tairi la C lenye 110 linabeba kilo 1,060 likiwa na upepo wa `450 kPa`, ambao kwenye geji zetu ni karibu 65 psi, tena ukipimwa tairi likiwa la baridi. Angalia ubavuni kwa herufi ndogo ndogo karibu na rimu, utakuta uzito na upepo wake vimeandikwa pamoja. Ukiliendesha tairi hilo hilo na 36 psi, kama wanavyojaza wengi kwa mazoea ya gari dogo, uwezo wake unashuka kwa karibu theluthi moja. Limebaki tairi la kilo 700 na kidogo, ingawa ubavuni bado linajisifu kwa 110.

Upande wa pili nao una mtego wake. Baada ya ajali yangu rafiki mmoja dereva aliniambia, "Ungejaza hamsini, ungefika." Hapana. Tairi la kawaida la gari la abiria limepewa uzito wake wa mwisho kwenye upepo wa 36 psi hivi. Ukijaza zaidi ya hapo linakuwa gumu, lakini kilo zake haziongezeki hata moja. Tairi langu lenye 100 lilikuwa la kilo 800 kwa 36, na lingebaki la kilo 800 kwa 50.

Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka. Ukifika Ilula tairi likiwa limepata moto utakuta geji imepanda psi nne, tano au zaidi, na kijana wa upepo atataka kuupunguza. Mkatalie. Ule upepo uliozidi umetokana na joto, na ukiutoa unaliacha tairi na upungufu ambao ndio utakaolipasha moto zaidi.

Hatua ya tatu: pata uzito wa ekseli ya nyuma

Hapa ndipo watu wanapokosea kuliko pote, kwa sababu wanachukua uzito wa mzigo na kuugawa kwa nne. Mzigo wa pikapu haukai juu ya matairi manne. Unakaa karibu wote juu ya mawili ya nyuma.

Njia nzuri ni mizani. Si lazima iwe ile ya barabarani. Wanunuzi wa nafaka, viwanda vya kukoboa na wanaonunua vyuma chakavu wengi wana mizani ya kupimia magari, na kwa pesa kidogo watakuruhusu. Pima mara tatu: magurudumu ya mbele peke yake juu ya jukwaa, ya nyuma peke yake, kisha gari zima. Ukijumlisha mbele na nyuma upate karibu sawa na gari zima. Vikitofautiana kwa makumi ya kilo, jukwaa na ardhi ya pembeni havipo usawa mmoja, na vipimo vya ekseli usiviamini.

Langu lilipimwa tupu, tangi limejaa, mimi na utingo tumekaa ndani. Gari zima kilo 1,800, mbele 1,060, nyuma 740.

Mzigo ukiujua, unaweza kukokotoa bila kurudi mizani. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma. Kwenye Hilux za kuanzia 2005 ni karibu sentimita 308. Kisha pima kutoka gurudumu la mbele mpaka katikati ya mzigo. Kwangu, magunia yakiwa yamepangwa kutoka ukuta wa kebini mpaka geti la nyuma, katikati ya mzigo ilikuwa sentimita 293. Gawa 293 kwa 308, unapata 0.95. Maana yake, asilimia 95 ya mzigo inakaa juu ya ekseli ya nyuma.

Kuna jambo la kuchunga. Ukifungua geti la nyuma na kuacha magunia yatokeze, katikati ya mzigo inaweza kupita gurudumu la nyuma. Tuseme imefika sentimita 328. Sasa jibu ni 1.06, yaani ekseli ya nyuma inabeba zaidi ya mzigo wenyewe, na ile ziada imenyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele. Pikapu za kebini mbili ziko hatarini zaidi kwa hili kwa sababu bodi lao fupi limesukumwa nyuma.

Na mzigo wenyewe uujue kweli. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakikataza lumbesa na kusema gunia lisizidi kilo 100, lakini anayenunua viazi shambani anajua kinachotokea: gunia linashonewa kilemba mpaka linafanana na mtu aliyebeba mtoto kichwani. Magunia yangu kumi yalipopimwa sokoni Morogoro yalitoa kilo 1,180. Kichwani mwangu yalikuwa kilo 1,000. Saruji haidanganyi, mfuko ni kilo 50. Maji nayo hayadanganyi, tangi la lita 1,000 ni kilo 1,000 bila kuhesabu tangi. Mchanga uliolowa ndio mwongo mkubwa baada ya lumbesa.

Hatua ya nne: linganisha

Tuchukue safari yangu ile. Asilimia 95 ya kilo 1,180 ni kilo 1,121. Ongeza 740 za ekseli ikiwa tupu, unapata 1,861. Gawa kwa mbili, kila tairi lilibeba kilo 930.

Tairi lenye 100 linabeba 800. Nilizidisha kilo 130 kwa kila tairi, yaani asilimia 16. Na hiyo ni kama uzito ungegawanyika sawasawa kushoto na kulia, jambo ambalo halitokei. Sisi tunaendesha kushoto, na barabara imeinamia mtaroni ili maji yatoke, kwa hiyo tairi la kushoto linabeba kilo nyingi kuliko mwenzake. Ndilo lililopasuka. Kwa sababu hiyo mimi huacha nafasi ya asilimia kumi hivi: nikihitaji kilo 930, natafuta tairi la 1,030 au zaidi, yaani namba 109 kwenda juu. Lile `205R16C 110/108R` lingetosha.

Lingetosha tairi, lakini je, gari? Swali hili nililiruka kwa miaka. Kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti kuna kibao au kibandiko cha mtengenezaji chenye uzito wa juu wa gari zima, na kwenye magari mengi uzito wa juu wa kila ekseli. Changu kinasema gari zima 2,730, ekseli ya nyuma 1,650. Safari ile nilikuwa na 2,980 kwa gari zima na 1,861 nyuma. Kwa hiyo hata ningefunga matairi ya C siku ile, ningekuwa nimehamisha tatizo kutoka kwenye tairi na kulipeleka kwenye ekseli.

Mzigo wangu halali basi ni upi? Kwa gari zima, 2,730 toa 1,800 ni kilo 930. Kwa ekseli, 1,650 toa 740 ni kilo 910, gawa kwa 0.95, ni karibu 958. Unachukua iliyo ndogo, kilo 930. Kwa lumbesa za kilo 118 hayo ni magunia saba. La nane linavuka kwa kilo 14.

Angalia sasa matairi kwa magunia hayo saba. Mzigo ni kilo 826, ekseli ya nyuma inafika 1,525, kila tairi kilo 762. Lenye 98, ambalo ni la kawaida kwenye magari ya kutembelea, bado halifiki. Lile langu la 100 linafika kwa shida, nafasi iliyobaki haizidi asilimia tano. Ukitaka namba ya chini kabisa ya kununua bila kujua utabeba nini kesho, gawa uzito wa juu wa ekseli ya nyuma kwa mbili: 1,650 kwa mbili ni 825, yaani namba 101. Mimi sishuki chini ya 104 hata kwa ofa, na kwa kweli kwa gari la mzigo nanunua C tu. Matairi yaliyokuja na gari kiwandani yakiwa na namba kubwa kuliko hesabu yako, fuata ya kiwandani.

Kilo zilizozidi zinafanya nini

Tairi lililozidiwa huinama zaidi kwenye ubavu kila linapozunguka. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa tairi la pikapu huzunguka karibu mara kumi kwa sekunde, na kila kuinama kunazaa joto kidogo ndani ya mpira. Joto likizidi lile linaloondolewa na hewa ya nje, mpira unaoshika nyaya za ndani unalegea. Kinachofuata ni ama sehemu inayokanyaga lami kubanduka kama gome la mti, ama ubavu kufunguka. Ndiyo maana tairi langu halikupasuka Njombe kwenye baridi ya asubuhi. Lilijipika polepole kutoka Makambako mpaka Iringa, na lami ya moto ya chini ya Kitonga ikalimalizia. Ule unga mweusi aliouona fundi ni ubavu uliokuwa ukijisaga wenyewe kwa ndani.

Likipasuka la nyuma, usukani unaweza kubaki mtulivu huku mkia wa gari ndio unaoyumba. Kukanyaga breki kwa nguvu hapo ndiko kunakolipindua gari refu lenye mzigo wa juu. Mimi niliachia mafuta, nikashika usukani kwa mikono miwili na kuliacha gari lipungue lenyewe. Bahati nayo ilichangia, barabara pale imenyooka na hapakuwa na lori lililokuwa linakuja.

Breki ndilo jambo la pili. Kwa mwendo uleule, gari la kilo 2,980 lina nguvu ya kuzuiwa karibu mara 1.65 ya lile la kilo 1,800. Kwenye mteremko mrefu breki zinashika moto, kanyagio linakuwa refu, na harufu ya kuungua inaingia kebini. Wakati huohuo mbele kumenyanyuka: usiku taa zinamulika vilele vya miti na macho ya wanaokuja, na katikati ya mzigo ikiwa imepita gurudumu la nyuma, usukani unakuwa mwepesi kupita kawaida.

Yanayochelewa kuonekana ni ya chuma. Nyumba ya ekseli hupinda kidogo, sili ya pembeni ikaanza kuvujisha mafuta ndani ya ngoma ya breki. Chesisi ya kebini mbili hupinda pale nyuma ya kebini, unaona upenyo kati ya kebini na bodi umekuwa mpana juu na mwembamba chini.

Tiba ya mtaani ni kuongeza majani ya springi. Gari linainuka, linapendeza, na mwenye nalo anaamini limepata uwezo. Springi zinazuia bodi lisikae chini, basi. Kilo zinapita kwenye majani yale yaliyoongezwa na kushukia ekseli ileile na matairi yaleyale. Ninaweza kusema springi za kuongeza ni hatari kuliko kuliacha gari lilale, kwa sababu zimeficha dalili pekee ambayo dereva anaiona akiwa amesimama nje.

Wala usingoje mizani ya barabarani ikuonye. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya 2016 inahusu magari ya tani 3.5 kwenda juu, na mipaka yake ya ekseli imewekwa kulinda barabara. Ekseli yako ya kilo 1,861 haiisumbui lami. Bima ni habari nyingine: soma mkataba wako, kuzidisha uzito wa mtengenezaji ni sababu inayoweza kutumiwa kukunyima malipo.

Ukiwa njiani

Baada ya nusu saa ya kwanza na mzigo, simama. Pitisha kiganja karibu na matairi ya nyuma, kisha ya mbele. Ya nyuma kuwa na moto kiasi ni kawaida. Yakiwa hayashikiki, au moja lina moto kuliko mwenzake, pima upepo na punguza mzigo au mwendo. Tazama ubavu uone kama kuna uvimbe mithili ya yai. Tairi lenye uvimbe halina hesabu tena, litoe. Likiwa limelika pembeni zote mbili huku katikati kuna uhai, limekuwa likitembea na upepo mdogo kuliko mzigo wake. Na kwa mtumba, tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya neno `DOT`: `2316` ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Namba ya mzigo iliandikwa tairi likiwa jipya.

Siku hizi naondoka Njombe na magunia saba na 65 psi nyuma. Nikishusha Morogoro napunguza mpaka arobaini hivi kabla ya kurudi, maana pikapu tupu yenye upepo wa mzigo inarukaruka, na kwenye lami yenye maji mkia haushiki.